Kulinganisha wasifu wa mwanafunzi na tangazo la kazi ya dukani: anza na saa, sifa zifuate

Nimepanga zamu za duka kwa muda wa kutosha kujua wasifu wa mwanafunzi huanguka wapi. Unaanguka kwenye mstari mmoja mfupi, unaosema "Napatikana wakati wowote". Anayeusoma anajua kwamba mwandishi yuko chuoni, na aliye chuoni hapatikani wakati wowote. Kwa hiyo msomaji anabaki na mawazo mawili. Huenda huyu hajawahi kuitazama ratiba yake, au huenda anajua ukweli na ataanza kuomba kubadilishiwa zamu wiki ya pili.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeomba kazi ya saa chache kwa wiki dukani, au yeyote anayemsaidia kuandika. Kazi nzima inachukua kama saa moja na nusu. Ni kuweka tangazo na wasifu ubavu kwa ubavu, kisha kupima mambo matatu kwa mpangilio huu: upatikanaji, kutegemewa kazini, na kukutana na wateja. Nitaeleza huko mbele kwa nini mpangilio huo haugeuzwi.

## Unachohitaji

- Tangazo lenyewe, lote, likiwa limechapishwa au kunakiliwa. Kumbukumbu yako haitoshi.
- Wasifu ulionao sasa, hata kama ni mbovu.
- Ratiba ya vipindi ya muhula huu, pamoja na tarehe za mitihani.
- Muda wa safari kutoka chuoni hadi dukani, uliopimwa saa ileile utakayosafiri. Safari ya saa 5 asubuhi na ya saa 10 jioni si safari moja.
- Karatasi tupu na kalamu za rangi mbili.

## Hatua ya 1: Tenganisha "lazima" na "ingependeza"

Nitatumia tangazo hili la mfano hadi mwisho. Ni la duka la nguo na viatu:

> Msaidizi wa mauzo, kazi ya muda. Saa 16 hadi 20 kwa wiki. Lazima apatikane Jumamosi (zamu ya muda wa saa 8) na angalau jioni mbili za katikati ya wiki, saa 10 jioni hadi saa 3 usiku. Atahudumia wateja, atapokea malipo kaunta, atapanga bidhaa kwenye rafu na kusaidia kufunga duka. Awe mtu wa kutegemewa. Uzoefu wa kuhudumia wateja ni faida ya ziada.

Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kila jambo lenye "lazima", "sharti", "awe" au "angalau". Kwa rangi ya pili pigia mstari lenye "faida", "ingependeza" au "atapewa kipaumbele".

Hapa masharti ya rangi ya kwanza ni matatu tu: Jumamosi, jioni mbili, na kutegemewa. Uzoefu wa wateja ni rangi ya pili. Wanafunzi wengi wakisoma tangazo kama hili huogopa kwa sababu hawajawahi kuuza chochote, kumbe tangazo halikudai hivyo. Lilichodai ni Jumamosi, ambayo wao hawakuitaja kabisa.

Tahadhari. Maneno "kazi ya muda" yana maana mbili. Yanaweza kuwa kazi ya saa chache kwa wiki isiyo na tarehe ya mwisho, au mkataba wa miezi michache wenye saa kamili. Tangazo letu linajieleza kwa kutaja saa 16 hadi 20. Kama lako halitaji saa, uliza kwanza kabla ya kulinganisha chochote, vinginevyo utapima wasifu wako dhidi ya kazi isiyokuwepo.

Utajua umefaulu ukiweza kuyataja masharti ya rangi ya kwanza bila kulitazama tangazo, na yasizidi matano. Yakifika tisa, umehesabu majukumu kama masharti. "Atapanga bidhaa" ni kazi utakayofundishwa, si kitu unachotakiwa kuja nacho.

## Hatua ya 2: Geuza ratiba iwe saa za dukani

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayorukwa.

Chora siku saba. Kwa kila siku andika saa kipindi cha mwisho kinapoisha, ongeza safari, kisha ongeza robo saa ya kubadili nguo na kuweka begi. Saa unayoipata ndiyo saa unayoweza kuanza zamu. Saa ya mwisho wa kipindi haina maana kwa msimamizi.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye safari yake ni dakika 40.

Jumatatu anamaliza saa 11 jioni. Kwa safari na maandalizi ni karibu saa 12, na zamu ilishaanza saa 10, kwa hiyo Jumatatu haipo. Jumanne anamaliza saa 8 mchana, na kufikia saa 9 yuko tayari, kwa hiyo zamu ya saa 10 inaingia vizuri. Jumatano ana maabara hadi saa 12 jioni; aisahau. Alhamisi anamaliza saa 7 mchana, inaingia. Ijumaa ndiyo siku ya mtego. Anamaliza saa 10 kamili, na kichwani mwake hiyo ni "jioni niko huru", lakini dukani atafika saa 10 na dakika 40 na kuwa tayari saa 11. Akiiandika Ijumaa kama siku kamili, atachelewa kila Ijumaa ya muhula.

Jumamosi ana kikundi cha kujisomea saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Anaweza kuwa tayari saa 6 mchana. Zamu ya muda wa saa 8 inayoanza saa 7 mchana na kuisha saa 3 usiku inamtosha, ila ile ya asubuhi haimtoshi. Jumapili yuko huru, ingawa tangazo halikuitaka.

Sasa hesabu: Jumanne saa 5, Alhamisi saa 5, Jumamosi saa 8. Jumla ni saa 18, katikati kabisa ya 16 na 20. Huyu anafaa kwa upatikanaji, na wasifu wake wa zamani haukuwa na neno moja linaloonyesha hivyo.

Angalia pia mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye ratiba.

La kwanza ni "kusaidia kufunga duka". Saa 3 usiku mlango unafungwa kwa wateja. Watumishi bado wanahesabu fedha, wanarudisha nguo zilizojaribiwa kwenye henga na kufagia. Weka nusu saa zaidi. Mwanafunzi wetu ataondoka karibu saa 3 na nusu, na safari ya kurudi itakuwa ya usiku. Kama usafiri wake wa mwisho unaondoka saa 3 na robo, basi hana jioni hata moja, haidhuru ratiba inasemaje. Nimeona watu wawili wakiacha kazi ndani ya mwezi kwa sababu hii peke yake, na wote walikuwa wazuri kaunta.

La pili ni kikomo cha saa. Anayesoma katika nchi isiyo yake huenda kibali chake kinaweka idadi ya juu ya saa za kazi kwa wiki, na baadhi ya ufadhili huweka pia. Soma masharti yako kabla ya kuahidi saa 20.

Tahadhari ya saa. Fomu nyingi za maombi mtandaoni zina jedwali la siku na saa, na saa hizo ni za mfumo wa saa 24. Saa 10 jioni ni `16:00`, na saa 3 usiku ni `21:00`. Niliwahi kupokea fomu yenye `10:00` hadi `03:00`. Mwombaji alikusudia jioni, lakini ilivyosomeka anaanza saa 4 asubuhi na kumaliza saa 9 usiku wa manane. Mwenzangu alitaka kuitupa. Niliokoa ile kwa sababu wasifu ulitaja jioni kwa maneno, ila usitegemee kukutana na mtu mwenye subira asubuhi ya Jumatatu.

Utajua umefaulu ukipata sentensi moja yenye siku, saa na jumla. Ya mwanafunzi wetu ni hii:

> Napatikana Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 9 alasiri hadi kufunga, na Jumamosi kuanzia saa 6 mchana hadi kufunga. Kwa zamu mlizotangaza ni saa 18 kwa wiki, muhula wote. Ijumaa kuanzia saa 11 jioni naweza kushika zamu ya mwenzangu.

Hiyo ya Ijumaa ni ndogo lakini msimamizi wa zamu ataipenda kuliko ukurasa mzima wa sifa, maana kila wiki kuna mtu anayeumwa.

## Hatua ya 3: Amua kama uendelee

Upatikanaji ni mlango, hauwekwi kwenye mizani pamoja na mengine. Duka lina saa zinazohitaji mtu. Mwombaji mwenye uzoefu wa miaka mitatu asiyeweza Jumamosi hawezi kuziba pengo la Jumamosi. Ndiyo maana hatuanzi na wateja.

Ukikosa sharti moja kwa kiasi kidogo, kama vile kuwa na jioni moja na nusu badala ya mbili, omba kazi lakini liseme jambo hilo kwenye barua na upendekeze mbadala, mathalani Jumapili. Ukikosa sharti zima, kama Jumamosi yote, tafuta tangazo jingine. Hatua zinazofuata hazitabadilisha jibu.

## Hatua ya 4: Tafuta ushahidi wa kutegemewa

"Mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma." Maneno haya yako kwenye karibu kila wasifu niliowahi kushika, pamoja na wa kijana aliyekuja siku tatu akatoweka na fulana ya kazi. Hayathibitishi kitu. Yafute yote, kisha uone kinachobaki.

Msimamizi anatafuta kutegemewa kwenye tarehe. Anatazama umekaa mahali kwa muda gani, ulikuwa unarudi siku zilezile, na kama kuna mtu aliyekukabidhi ufunguo, fedha au nywila ya kompyuta. Kwa hiyo chukua kila kazi au wajibu kwenye wasifu wako na uulize maswali matatu: Nilikaa muda gani? Nilipangiwa siku maalumu? Nilikabidhiwa nini ambacho kingepotea au kuharibika kama nisingefika?

Wasifu wa mwanafunzi wetu ulikuwa hivi, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe:

> Muuzaji, duka la simu (wiki 6).
> Kiongozi wa michezo, shule ya sekondari.
> Maktaba ya chuo, kusaidia.

Duka la simu aliliweka juu kwa sababu ni duka. Ni kosa linaloeleweka. Lakini wiki 6 bila maelezo zinasomeka kama mtu aliyefukuzwa au aliyechoka, kumbe ilikuwa kazi ya likizo iliyokuwa na mwisho tangu mwanzo. Akiongeza maneno "ajira ya likizo, mkataba wa wiki 6, nilimaliza", doa linaondoka.

Maktaba ndiyo dhahabu iliyofukiwa chini. Nilipomuuliza, alisema amekuwa pale miezi 14, zamu mbili kwa wiki, na zamu ya jioni yeye ndiye anayefunga chumba na kurudisha ufunguo kwa mlinzi. Tukahesabu pamoja. Miezi 14 ukitoa likizo za miezi 4 ni miezi 10. Zamu mbili kwa wiki ni kama zamu 80. Alikosa mbili, zote alitoa taarifa siku moja kabla. Mstari ukawa:

> Msaidizi wa maktaba ya chuo, miezi 14 hadi sasa. Zamu mbili zisizobadilika kwa wiki (takriban 80), zikiwemo za jioni. Nafunga chumba na kukabidhi ufunguo.

Tahadhari. Usiandike namba usiyoweza kuitetea. Ukiandika 80 na msimamizi wa maktaba akipigiwa simu aseme "labda 30", umepoteza kutegemewa kule kule ulikokuwa unakujenga. Wazo la "sikuwahi kukosa" nalo ni hatari. Mtu akikosa mara mbili kwa taarifa anaaminika zaidi kuliko asiyewahi kukosa hata siku moja kwa miezi 14.

Kama hujawahi kuajiriwa, wajibu wowote wenye siku maalumu unafaa: kufundisha watoto kila Jumapili, kuweka hesabu za chama cha wanafunzi, kumpeleka mgonjwa kliniki kila wiki. Hili la mwisho liandike kwa kifupi, bila kutaja ugonjwa wa mtu.

Utajua umefaulu ukifunika sifa zote kwa kidole na bado msomaji akaona mtu anayefika.

## Hatua ya 5: Pima umbali wako na mteja

Kuwa mahali penye wateja si sawa na kuhudumia wateja. Ninatumia ngazi tatu. Ya chini ni kuonekana na wateja: unapanga bidhaa nao wanapita. Ya kati ni kuzungumza nao: unaelekeza, unajibu, unapokea malipo. Ya juu ni kukutana na mtu usiyemjua, anayetaka kitu usichoweza kumpa, na akaondoka bila ugomvi.

Ngazi hii ya juu ndiyo dukani hutokea kila Jumamosi. Mtu anarudisha kiatu kilichovaliwa. Mwingine anataka saizi iliyokwisha. Ukiwa umeshayapitia mahali pengine popote, uandike.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kuhusu duka la simu, nilipombana alikiri kwamba alikuwa stoo akibandika bei kwenye maboksi. Ngazi ya chini. Maktaba alikuwa anawakatalia wanafunzi wenye vitabu vilivyochelewa kuazima vingine, na kuwaeleza faini. Mmoja alimpigia kelele usiku wa kuamkia mtihani; akamtafutia nakala ya kusomea palepale ukumbini, mambo yakaisha. Hiyo ni ngazi ya juu, na kwenye wasifu wa kwanza ilikuwa imefupishwa kuwa neno "kusaidia".

Akaongeza mstari mmoja: "Nahudumia watu kama 30 kwa zamu mezani, naeleza faini na kutafuta mbadala kitabu kinapokuwa hakipatikani."

Tahadhari. Usipandishe ngazi kwa uongo. Kwenye usaili swali la kwanza huwa "nieleze siku mteja alipokukasirikia", na aliyekuwa stoo hunyamaza.

## Hatua ya 6: Jaza jedwali

Sasa weka yote kwenye karatasi moja. Safu ya alama: 2 ni ushahidi unaoonekana, 1 ni dai bila ushahidi, 0 ni hakuna.

| Tangazo linataka | Wasifu wa kwanza | Alama | Wasifu mpya | Alama |
|---|---|---|---|---|
| Jumamosi, zamu ya muda wa saa 8 | "Wakati wowote" | 1 | Jumamosi saa 6 mchana hadi kufunga | 2 |
| Jioni mbili | "Wakati wowote" | 1 | Jumanne na Alhamisi | 2 |
| Kutegemewa | "Mwaminifu" | 1 | Zamu 80, ufunguo | 2 |
| Wateja (faida) | "Kusaidia" | 0 | Watu 30 kwa zamu, faini | 2 |
| Kupokea malipo | Hakuna | 0 | Hakuna | 0 |

Usijumlishe alama. Jumla inaficha jambo, maana 0 ya Jumamosi inaua maombi, na 0 ya kupokea malipo haiui, kwa sababu mashine ya malipo hufundishwa kazini. Soma mstari kwa mstari kutoka juu, na ukikutana na 0 au 1 kwenye rangi ya kwanza, rudi ukarekebishe hapo kabla ya kwenda chini.

Mstari wa malipo umebaki 0 naye akauacha hivyo. Alitaka kuandika "najua kutumia mashine ya malipo" kwa kuwa aliwahi kumtazama mtu akiitumia. Tukakubaliana hapana.

## Hatua ya 7: Panga upya ukurasa

Mpangilio ufuate tangazo. Jina na simu, kisha sentensi ya upatikanaji, kisha maktaba, kisha duka la simu, kisha masomo. Michezo ya sekondari iondoke isipokuwa kuna nafasi. Ukurasa mmoja unatosha.

Tarehe za mitihani usiziweke kwenye wasifu. Zinachukua nafasi na hubadilika. Ziseme kwenye usaili, kabla ya kukubali kazi, kwa maneno kama "wiki mbili za mitihani nitaomba kubaki na Jumamosi tu". Wengine hushauri kuzificha hadi uajiriwe. Mimi nimekuwa upande wa msimamizi, wiki ambayo wanafunzi wanne wa duka moja wana mitihani siku zilezile, na wale walionieleza mapema ndio niliowapangia zamu kwanza muhula uliofuata.

Mwisho kabisa, fungua fomu ya mtandaoni na wasifu kwa pamoja. Siku na saa zilingane kabisa: Jumanne ya wasifu iwe Jumanne ya fomu, na saa 9 alasiri iwe `15:00`. Kisha piga namba ya simu uliyoandika kutoka simu nyingine uone kama inaita.